Kuaga kwa Kiarabu cha Ghuba: neno la kusema na jibu lake

Kwa Kiswahili, anayeondoka akisema "kwaheri", anayebaki naye hujibu "kwaheri" na mambo yakaisha. Kiarabu kinachosemwa Maskati, Dubai, Doha, Kuwait na Bahrain hakiendi hivyo. Maneno ya kuaga huko huenda mawili mawili: lipo la kusema, na lipo la kujibu. Aliyejifunza la kusema peke yake hukwama siku anapoagwa yeye. Hutabasamu tu pale mlangoni, au hurudisha neno lilelile aliloambiwa, na mwenyeji akabaki akingoja jibu lisilokuja.

Mwongozo huu ni kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi au anayefanya kazi Ghuba na anataka kujua aseme lipi kwa nani. Maneno ya Kiarabu yameandikwa kwa herufi zetu, kama yanavyosikika. Alama ya ritifaa, kama kwenye ma'a, ni ile sauti ya ayn inayobanwa kooni. Ukishindwa nayo, tamka "maa" ya kawaida na utaeleweka. Herufi kh itamkwe kama wazee wa pwani wanavyosema kheri, si heri.

Hatua ya kwanza: sikiliza mzizi, jibu kwa mzizi huohuo

Maneno mengi ya Kiarabu hujengwa juu ya konsonanti tatu, na majibu ya kuaga mara nyingi hurudisha konsonanti zilezile alizozitumia aliyeanza. Ukilishika hilo, huna haja ya kukariri orodha ndefu, kwa sababu sikio litakuonyesha jibu.

Mfano mkubwa ni mzizi wa s, l na m, ambao Kiswahili kimejaa matunda yake: salama, salamu, salimia, salimika. Mtu akikuaga kwa neno lolote lenye *salama* ndani yake, jibu ni moja: Allah yisallimak, yaani Mungu akusalimishe. Akisema *ma'a salama* (nenda na salama), jibu ni hilo. Akikutakia uende na urudi *bissalama*, jibu ni hilo. Akikupokea siku uliyorudi safari na kusema *hamdillah ala salama* (Mungu ahimidiwe umefika salama), jibu bado ni hilo. Kama una nafasi ya kujifunza jibu moja tu wiki hii, liwe hili. Katika mazungumzo ya haraka utalisikia limefupishwa, *alla ysalmak*.

Mzizi wa pili ni wa afya. Ghuba, na nchi nyingine nyingi za Kiarabu, humwachi mtu aliye kazini bila kumtakia nguvu. Ukitoka dukani, ukishuka teksi, ukimpita mlinzi getini au ukimwacha mwenzako jikoni bado anapika, unasema Allah ya'tik al-afya, Mungu akupe afya. Wengi husema *ya'tik al-afya* tu. Naye hujibu Allah yi'afik, Mungu akuafu. Neno hili linafanya kazi mbili, la kushukuru na la kuaga, na kwa mtu anayehudumiwa au anayehudumia ni bora kuliko *shukran* tupu. Utaambiwa wewe pia, tena mara nyingi, ukiwa unafagia au unabeba mizigo. Usijibu *shukran*. Jibu *Allah yi'afik*.

Wa tatu ni wa kheri, nao ni wa usiku. Anayeaga usiku husema tisbah ala kher, uamke kwenye kheri, na hujibiwa wa inta min ahl al-kher, na wewe uwe miongoni mwa watu wa kheri. Hapa watu wa pwani wajihadhari. *Masalkheri* tunayoijua sisi, kwa Mwarabu pia ni salamu ya kukutania jioni, si ya kuagana. Ukiisema unapoondoka saa nne usiku utaonekana ndiyo kwanza umefika. Na *alamsiki*, ambayo huku pwani hujibiwa *binuru*, usiipeleke Ghuba ukidhani ni Kiarabu chao. Hawataijua.

Wa nne hutumika kwa mgonjwa. Ukitoka kumtazama mtu aliyelazwa, husemi "tutaonana" wala "jitunze". Unasema ma tshuf sharr, usione shari, naye hujibu ash-sharr ma yijik, shari isikufikie. Angalia jinsi neno *sharr* lilivyorudi kwenye jibu.

Hatua ya pili: rekebisha mwisho wa neno

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili wanapoteleza zaidi, na sababu yake inajulikana. Kiswahili kina *-ku-* moja kwa mwanamume na mwanamke: nakuaga, akulinde, nitakuona. Kiarabu kinatenganisha. Kwa kuwa vitabu na video nyingi hufundisha umbo la kiume kwanza, mwanafunzi huzoea *yisallimak* na kumwambia kila mtu, pamoja na bibi wa nyumba. Anaeleweka, lakini ni kama kumwita mama "baba".

Kwa mwanamume mmoja, mwisho ni -ak: *Allah yisallimak*. Baada ya irabu hubaki -k tu, ndiyo maana *ya'tik*, *yi'afik* na *yijik* za hapo juu ni za kiume. Kwa mwanamke mmoja, umbo linaloeleweka kila mahali ni -ik. Wenyeji wenyewe hutamka vingine. Imarati, Qatar, Bahrain na Kuwait utasikia -ich, ch yetu hasa: *Allah yisalmich*. Oman utasikia -ish: *Allah yisalmish*. Sauti zote mbili tunazo tayari katika Kiswahili, kwa hiyo mtu wetu huzitamka vizuri bila kufundishwa. Msikilize mama wa nyumba unayoishi anavyomwambia binti yake, ufuate yake.

Kwa watu wengi, mwisho ni -kum: *Allah yisallimkum*. Hili ndilo kimbilio lako. Ukiingia chumba chenye mchanganyiko wa watu, ukiongea na mtu ambaye huna hakika umwambieje, au ukizungumza na mzee huku familia yake imekaa pembeni, sema *-kum*. Kwa mtu mmoja itasikika kama umemjumlisha yeye na watu wake, na hakuna anayechukia kutakiwa mema pamoja na nyumba yake. Sisi wenyewe tumeizoea kwenye *salamu alaykum*, ambayo husemwa kwa wingi hata kwa mtu mmoja.

Vitenzi navyo hubadilika kidogo. *Tisbah ala kher* ni kwa mwanamume, *tisbihin ala kher* ni kwa mwanamke, *tisbihun ala kher* ni kwa wengi. *Ma tshuf sharr* kwa mwanamke huwa *ma tshufin sharr*. Kwenye jibu, *wa inta* ni mwanamume na *wa inti* ni mwanamke.

Hatua ya tatu: jua nani anaondoka na nani anabaki

Asili ya *ma'a salama* ni neno la anayebaki. Humwambia anayeondoka, kwa sababu huyo ndiye anayekwenda njiani na ndiye anayehitaji salama. Anayeondoka husema fi amanillah, katika amani ya Mungu, neno ambalo Waislamu wa pwani wanalo tayari. Kwa matamshi ya Ghuba hubanwa likawa *fimanilla*. Siku hizi mipaka hiyo imelegea. Utamsikia anayetoka akisema *ma'a salama* naye anayebaki akijibu *Allah yisallimak* au *fi amanillah*, na hakuna anayeshangaa. Ukitaka kusikika vizuri kwa wazee, shika utaratibu wa zamani: wewe unayetoka sema *fi amanillah*, uache mwenyeji akuambie *ma'a salama*, kisha umjibu *Allah yisallimak*. Hatua tatu, sekunde tano.

Kabla ya hapo kuna jambo ambalo wageni huliruka, nalo ni kuomba ruhusa. Mtu hainuki tu kwenye majilisi, yaani sebule ya wageni, akaaga. Husema kwanza an idhnak, kwa idhini yako (kwa mwanamke *an idhnik*, kwa wengi *an idhnkum*). Mwenyeji hujibu *idhnak ma'ak*, idhini yako unayo mwenyewe, au husema *tfaddal*. Neno hili la pili huwachanganya Waswahili, kwa kuwa sisi tumelifanya *tafadhali* la kuombea kitu. Kwa Mwarabu *tfaddal* ni la anayetoa: karibu, chukua, pita, ruksa. Mwenyeji akikuambia *tfaddal* baada ya *an idhnak*, hakuombi ubaki. Amekuruhusu. Na wewe ukitaka kuomba kitu, sema *min fadlak*.

Mara nyingine mwenyeji mwenyewe ndiye anayekuonyesha kwamba muda umefika, bila kusema. Udi na ubani vinapopitishwa baada ya kahawa, ziara inaelekea ukingoni. Watu wa Ghuba wana msemo wao wenye vina kuhusu jambo hili: *ba'd al-ud ma fi gu'ud*, baada ya udi hakuna kukaa. Chetezo kikikufikia, jifukize, sema *an idhnkum*, usimame. Na kahawa ikiwa bado inazunguka nawe hutaki nyingine, tikisa kikombe kidogo mkononi unapokirudisha. Usipokitikisa utaendelea kumiminiwa, nawe utashindwa kupata nafasi ya kuaga.

Ukiwa Mwislamu, unaweza pia kutoka kwa *salamu alaykum*, kama ulivyoingia. Ipo hadithi katika Abu Dawud na Tirmidhi inayomtaka mtu atoe salamu anapofika kwenye kikao na anapoinuka, kwa kuwa ya kwanza haina haki zaidi ya ya mwisho. Oman utaisikia sana. Kama si Mwislamu, *ma'a salama* haina neno la dini ndani yake na inakutosha mahali pote. *Allah yisallimak* nayo husemwa na Wakristo Waarabu bila shida yoyote, kwani *Allah* ni neno lao la Mungu pia.

Hatua ya nne: pima mtaonana lini

Kwa mtu utakayemwona kesho au keshokutwa, "tutaonana" yake ni ashufak bukra, inshallah, nitakuona kesho, au ashufak ala kher, nikuone katika kheri, ambayo haina siku maalumu na ndiyo inayofaa unapomwacha mtu bila miadi. *Bukra* inaeleweka kote, ingawa Imarati na Kuwait utawasikia wenyewe wakisema *bachir*. Mwanamke unamwambia *ashufich* au *ashufish* kwa kufuata mahali ulipo.

Usidondoshe *inshallah* unapotaja wakati ujao. Msingi wake ni aya ya 23 na ya 24 za Sura ya al-Kahf, zinazokataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kulifunga kwenye matakwa ya Mungu. Hata watu ambao si wa kuswali sana huona sentensi bila *inshallah* imebaki wazi. Ukisema *ashufak bukra* na kunyamaza, mara nyingi mwenzako ataikamilisha yeye: "inshallah."

Kikomo kimoja hapa. *Ashufak* ina "mimi" na "wewe" ndani yake: mimi nitakuona wewe. Kati ya wanaume, kati ya wanawake, au kwa watoto, haina tatizo. Lakini mwanamume kumwambia mwanamke asiye wa familia yake *ashufich* kunaweza kusikika kama kutafuta miadi, na hivyo hivyo kwa upande wa pili. Kwa hali hiyo tumia *ma'a salama* au *fi amanillah*, ambazo hazina mimi wala wewe. Ofisini au darasani ipo pia ila liqa, hadi kukutana, ya Kiarabu sanifu. Ni rasmi kidogo, kama mtangazaji anavyofunga kipindi, lakini haimkosei mtu.

Neno la kuepuka kabisa katika maisha ya kila siku ni *wada'an*. Vitabu vingine hulitafsiri "kwaheri", na katuni zilizotafsiriwa hulitumia sana. Uzito wake ni wa *buriani* yetu: mtu anayeondoka asitegemee kurudi. Kumwambia mwajiri *wada'an* unapokwenda likizo ya mwezi mmoja ni kumpa wasiwasi kwamba hurudi.

Safari ina maneno yake. Kwa anayesafiri mbali, linalogusa watu ni truh wa tirja bissalama, uende na urudi kwa salama (kwa mwanamke *truhin wa tirja'in bissalama*). Linataja kurudi, ndiyo maana lina joto. *Rihla sa'ida*, safari ya furaha, ni sahihi, ila ni la kwenye ndege na mabango ya viwanja vya ndege. Kwa mtu wa nyumbani linasikika baridi. Waislamu wana pia dua mbili zinazogawanyika kwa anayekwenda na anayebaki, na watu wazima wa Oman huzisema kwa sauti mlangoni. Anayesafiri husema *astaudi'ukumullah alladhi la tadi'u wada'i'uh*, nawaweka kwa Mungu ambaye amana zake hazipotei. Anayebaki humwambia *astaudi'ullaha dinaka wa amanataka wa khawatima amalik*, namkabidhi Mungu dini yako, amana yako na mwisho wa matendo yako. Ukiambiwa hii ya pili na huijui dua ya kujibu, *amin* inatosha.

Hatua ya tano: kuwa mwangalifu na "jitunze"

Kiswahili cha sasa kimezoea "jitunze" na "uwe mwangalifu" mwishoni mwa mazungumzo na kila mtu. Kiarabu cha Ghuba kinalo neno lake, dir balak ala nafsak, geuza fikira zako juu ya nafsi yako. Kwa mwanamke ni *diri balich ala nafsich*, na Oman *diri balish ala nafsish*. Imarati husema pia *ala umrak* badala ya *ala nafsak*. Lina mapenzi, na ndiyo maana lina mahali pake: rafiki, ndugu, mtoto, mtu mdogo kwako.

Lina hatari mbili. Ya kwanza ni kulikata. *Dir balak* peke yake, bila *ala nafsak*, ni onyo: angalia! jihadhari! Ndivyo mtu anavyopigiwa kelele gari linaporudi nyuma, na kwa sauti ya ukali ni kitisho, kama "ole wako". Kwa hiyo limalize lote au usilianze. Na likifuatwa na mtu au kitu kingine, ni agizo la kazi: *diri balich ala al-bebi* maana yake mwangalie mtoto mchanga. Mfanyakazi wa nyumbani anayesikia *diri balich* kila siku inampasa asubiri neno linalofuata *ala* kabla ya kujua kama anaagwa, anaonywa au anapewa kazi.

Hatari ya pili ni cheo. Ni kitenzi cha kuamrisha, na kumwambia mzee au bosi ajitunze kunaweza kuonekana kumfanya mtoto. Kwa mkubwa, mgeuzie Mungu hiyo kazi: Allah yihfadhak, Mungu akuhifadhi (mwanamke *yihfadhich* au *yihfadhish*, wengi *yihfadhkum*). Maana unayoitaka inafika yote, na heshima imebaki. Jibu lake mara nyingi huwa *wa yihfadhak*, nawe akuhifadhi, au *amin*.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mwanamke kutoka Tanga, mfanyakazi wa nyumbani, anayefanya kazi kwenye nyumba moja Sib, pembeni ya Maskati. Anakwenda likizo ya mwezi mmoja, na ndege ya Dar es Salaam ni kesho. Anawaita wenye nyumba *mama* na *baba*, kama ilivyo kawaida.

Usiku wa kuamkia safari, bibi mzee wa nyumba anakwenda kulala mapema. Mfanyakazi anamwambia: *"Tisbihin ala kher, mama."* Bibi anajibu: *"Wa inti min ahl al-kher."* Hapa bado hajaaga safari. Kuaga kwa safari usiku na tena asubuhi kunawezekana, lakini asubuhi ndiyo inayohesabiwa, na asiondoke bila kumwamsha bibi au kumngoja.

Asubuhi mizigo iko mlangoni. Anaanza na mkubwa. Anamwendea bibi alipokaa na kumwambia: *"An idhnish, mama. Ana rayha."* Kwa idhini yako, ninakwenda. Bibi anasema: *"Truhin wa tirja'in bissalama."* Sikio limeshika *salama*, kwa hiyo jibu ni: *"Allah yisalmish."* Bibi anaongeza: *"Sallmi ala al-ahl,"* wasalimie watu wa nyumbani. Jibu la hilo si *shukran* pekee. Ni *"Yosal, inshallah,"* itafika. Neno *al-ahl* nalo liangaliwe. Mwanamume akitaka kumtumia salamu mke wa mwanamume mwenzake, husema *sallim ala al-ahl*, na hamtaji mke kwa jina wala kwa cheo cha mke.

Mama wa nyumba yuko mlangoni na watoto. Kwake, *diri balish ala nafsish* ingekuwa si adabu mbaya kama wamezoeana sana, lakini iliyo salama zaidi ni *"Allah yihfadhkum, mama,"* kwa wingi, inayomwingiza yeye na watoto wote. Mama anaweza kumwambia yeye *diri balish ala nafsish*, kwa kuwa ni mkubwa kwake. Jibu: *"Inshallah, mama. Allah yihfadhish."* Kwa mtoto mdogo wa kiume anayelia, sasa ni nafasi ya lugha ya upendo: *"Dir balak ala nafsak, habibi. Ashufak ala kher."*

Baba ndiye anayempeleka uwanja wa ndege. Wakifika mlango wa abiria, hapaswi kusema *ashufak*, kwa sababu zile tulizozitaja. Anasema: *"Allah ya'tik al-afya, baba,"* maana amemwendeshea gari na kumshushia mizigo. Anajibiwa: *"Allah yi'afish. Ma'a salama."* Sasa yametoka mawili kwa pamoja: la afya limeshajibiwa, la salama linangoja lake. *"Allah yisallimak. Fi amanillah."* Na hapo anaingia ndani.

Mwezi ukiisha anarudi Sib. Mlango unafunguliwa na bibi anasema: *"Hamdillah ala salama!"* Hapa ndipo wengi hukosea vibaya, kwa sababu masikio yameshika *salama* na mdomo unatoa *ma'a salama*. Hilo ni kumuaga bibi pale unapoingia. Jibu ni lilelile la siku zote: *"Allah yisalmish."* Na kwa kuwa *hamdillah ala salama* husemwa pia kwa aliyepona ugonjwa au aliyetoka ajalini, ulijifunze uwaambie wengine, usilingoje uambiwe tu.

Kwenye simu na kwenye ujumbe

Simu haikatwi baada ya neno la kwanza la kuaga. Huwa kuna raundi mbili au tatu, na kila moja ina jibu lake. Hukaa hivi: *"Yalla, an idhnak."* — *"Idhnak ma'ak."* — *"Sallim ala al-ahl."* — *"Yosal, inshallah."* — *"Yalla, fi amanillah."* — *"Ma'a salama."* — *"Allah yisallimak."* *Yalla* hapa ni kama "haya" yetu. Ukikata baada ya *yalla* ya kwanza, aliye upande wa pili atadhani mtandao umekatika na atakupigia tena. Mara nyingi aliyepiga ndiye anayeanza kuaga, isipokuwa aliyepigiwa awe na haraka, naye atatanguliza *an idhnak*.

Kwenye ujumbe wa maandishi, *fi amanillah* peke yake inafunga mazungumzo vizuri. Usimalizie kwa *dir balak* iliyokatwa nusu, kwa kuwa kwenye maandishi hakuna sauti ya kumwonyesha msomaji kwamba hukumaanisha onyo.

Oman kuna familia nyingi zilizorudi kutoka Zanzibar na pwani, hasa baada ya 1970, na Kiswahili bado kinasemwa majumbani mwao. Mwenyeji akikuaga "haya, kwaheri ya kuonana", usijilazimishe kumjibu kwa Kiarabu ili kuonyesha umejifunza. Mjibu kwa Kiswahili, kisha, kama ni mtu mzima, mwongezee *Allah yihfadhak* au *yihfadhish*. Na ukihamia kazini Kairo, shika *ma'a salama* na *Allah yisallimak* kama ulivyozijua, mwanamke umwambie kwa *-ik*, ila "jitunze" ubadilishe: Wamisri husema *khalli balak min nafsak*, na kwa mwanamke *khalli balik min nafsik*.